Saa Iliyotoka Mtoni Ikitembea

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alizama katika mto Malagarasi siku ya Jumanne, akaonekana Alhamisi asubuhi. Waliomtoa majini walimlaza kwenye nyasi, na mmoja wao aliyekuwa ameshika mkono wake wa kushoto aliuachia ghafla akarudi nyuma, maana saa ya marehemu ilikuwa inatembea. Mshale wa sekunde ulikuwa unaruka kama kawaida yake. Wakalinganisha na saa ya katekista, wakakuta haikuchelewa hata kidogo. Mimi sikuwepo mtoni. Nilihadithiwa na watu wanne kwa nyakati tofauti, na wote wanne walianzia hapo hapo, kwenye saa.

Baba mkwe aliivua mwenyewe mkononi mwa mwanawe, akaivaa, na tangu siku hiyo hakuiweka chini. Alilima nayo, alilala nayo. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya sabini, akafyeka pori upande wa Busunzu, akaoa, akazaa, akawa raia. Kanisani, wakati wa mahubiri, nilimwona akiuinua mkono polepole mpaka sikioni, kama mtu anayejikuna. Na siku moja, kabla sijabisha hodi uani kwao, nilimwona mama mkwe amekaa chini karibu naye, amekishika kiganja cha mumewe kwa mikono miwili, ameegesha sikio kwenye saa, macho amefumba. Niligeuka nikarudi barabarani nikakohoa kwa nguvu ndipo nikaingia tena. Nilikuwa sijui kwamba watu wazima wanaweza kuliwazwa na kitu kidogo kiasi kile.

Mimi nilikuwa fundi saa. Nilifundishwa na mjomba wangu pale Kasulu sokoni, na kambi za wakimbizi zilipojaa katikati ya miaka ya tisini nikahamia Kibondo, kwa sababu kambi zilileta watu, na watu walileta saa. Madereva, wauguzi, Wakongomani wenye saa za dhahabu ya uongo, wazungu wenye saa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Niliweka meza barazani kwa fundi cherehani, nikajaza kibao changu maneno mengi kuliko kazi niliyojua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikupenda kuulizwa swali. Mteja akiniuliza una hakika, nilikuwa namrudishia saa yake namwambia apeleke Kigoma mjini. Mke wangu alikuwa anasema nina mkono wa fundi na mdomo wa wakili.

Miezi minane baada ya mazishi saa ilisimama. Baba mkwe alitembea kutoka kijijini mpaka alipopata lori, akafika kwenye meza yangu bado asubuhi, akanyoosha mkono bila kuivua. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nikamwambia, "Haijafa, baba. Ina njaa tu. Betri imekwisha." Alikaa kwenye benchi.

Ile ilikuwa mara ya kwanza saa ile kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Nilimvua, nikaigeuza nikasoma mgongoni: maneno ya Kiingereza ya kusema inakinza maji, na mbele yake 50M. Nikatia ncha ya kisu, mfuniko ukaruka. Ndani palikuwa pasafi kama sahani ya sikukuu. Hapakuwa na doa, hapakuwa na ukungu, mto wote ule haukuacha hata tone. Kwenye ukingo kulikuwa na mpira mwembamba mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, umelala kwenye mfereji wake. Nilipougusa kwa kibano ukakatika. Ulikuwa umekauka. Kwa miaka ulikaa pale pale umebanwa, na kwa kuwa hakuna aliyeugusa, ulikuwa bado unazuia maji. Kufungua kwangu ndiko kulikoumaliza. Ndivyo mipira ile ilivyo, na fundi mwenye akili huwa na mwingine mkononi kabla hajafungua.

Sikuwa nao. Nilikuwa na betri, lakini mpira wa saizi ile sikuwa nao, na Kibondo nzima haukuwepo. Nikafanya alichonifundisha mjomba. Kwetu nta haitafutwi. Ukienda kwa mtu yeyote mwenye mizinga unapewa donge kubwa kuliko ngumi. Niliilainisha nta ya nyuki kwenye vidole, nikaisokota ikawa uzi, nikaizungusha kwenye mfereji, nikafunga mfuniko kwa dole gumba, nikafuta ile iliyojitokeza pembeni. Kwa macho hukuweza kujua. Saa zote nilizozifunga hivyo zilipita kwenye vumbi na manyunyu bila kulalamika, na mimi nikajihesabu kuwa nimevumbua kitu.

Baba mkwe akaivaa, akaiweka sikioni, akafumba macho. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Na maji, mkwe? Bado haiingii maji?"

Ningeweza kusema ngoja kwanza nitafute mpira, na kwa wakati huu jihadhari. Maneno hayo hayana uzito wowote, mtoto anaweza kuyabeba. Lakini nilisikia kama ananipima. Nikaigeuza saa nikamwonyesha maandishi ambayo asingeweza kuyasoma, nikamwambia, "Mita hamsini, baba. Imeandikwa hapa. Hata ukishuka nayo kisimani mpaka chini, haiingii." Akaitikia kwa kichwa polepole, akashukuru, akaenda kutafuta lori. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza vichwa vya watu wengine.

Masika iliyofuata mzee alishikwa na homa na maumivu ya viungo. Mama mkwe akafanya ambacho kila mama wa kule angefanya. Alichemsha sufuria kubwa ya majani ya mkaratusi na mchaichai, akaiweka sakafuni ikiwa bado inatokota, akamkalisha mumewe mbele yake na kumfunika blanketi mbili. Mzee, ambaye tangu mazishi alikuwa ameivua kwangu tu siku ya betri, alikuwa ameanza kufungua mkanda wa saa. Mama mkwe akamzuia. Alimwambia, haya nimeyasikia baadaye, kwamba iliyoushinda mto haiwezi kushindwa na sufuria. Na kwamba fundi mwenyewe amesema mita hamsini, nao mvuke ule hata haukufika goti. Basi mzee akainama na saa yake mkononi, mikono juu ya mvuke, akafukizwa mpaka jasho likamtiririka. Alipofunuliwa, akiwa anahema, alitumbukiza mikono yote kwenye ndoo ya maji ya kisima, kunawa uso.

Kioo kikawa cheupe papo hapo. Jioni ile saa ilikuwa bado inaruka chini ya ukungu. Kesho yake ikawa inatetemeka mahali pamoja, na keshokutwa ikasimama.

Walikuja wote wawili siku ya soko. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, kwa sababu mama mkwe hakuwahi kuja kwenye meza yangu. Kwao mkwe na mama mkwe hawakaliani uso kwa uso. Humwiti jina, humtazami machoni, ukila naye chumba kimoja umefanya utovu. Alikaa upande wa pili wa baraza, kanipa mgongo, kitenge kimefunika kichwa. Baba mkwe aliivua saa, akaiweka juu ya meza. Tangu mazishi sikuwahi kumwona akiivua mwenyewe. Mahali pake palikuwa na alama nyeupe mkononi.

"Imeingia maji ndani," alisema.

Niliifungua mbele yake nikiwa bado najiamini. Nta haikuwa mahali pake. Ilikuwa imelegea kwa moto, ikatambaa kutoka mfereji kwenda ndani, imeganda tena kama utando wa mafuta kwenye mchuzi uliopoa, nusu ya mzunguko imebaki wazi kabisa. Chini yake matone. Ubao mdogo wa umeme ulikuwa na kutu ya kijani, na koili, ule uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele, umeliwa. Harufu ndogo ya nta ilinipanda puani.

Mzee akauliza, "Ni nini?"

Nikasema, "Ni mvuke, baba."

Sikudanganya, ukiangalia neno kwa neno. Ulikuwa mvuke. Lakini nilifunga ule mfuniko haraka, nta nimeigeuzia upande wangu asiione, nikasema saa ibaki niitazame vizuri. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akiinuka, na alipokuwa anashuka baraza alijishika kwenye nguzo. Nikajitia hamnazo nikaita mteja mwingine.

Wiki mbili baadaye mke wangu alirudi kutoka kwao, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Aliniambia mama yake hali chakula. Anapika, anapakua, anawatazama wengine wakila. Hasemi. Mara moja tu, walipokuwa wanachambua maharage, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mto uliniachia sehemu moja ya mwanangu, na hiyo nimeichemsha mimi." Mke wangu alinisimulia huku akitazama mikono yake. Nilimkaripia eti wanakuza mambo, saa ni saa. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Nilikaa pale nikijichukia, na nilipojichukia nilizoea kumkasirikia mtu mwingine, ila siku ile nyumba ilikuwa tupu.

Katika wateja wangu alikuwepo fundi mmoja wa maji, mzungu wa kutoka kaskazini kabisa mwa Ulaya, aliyekuwa anachimba visima na kufunga matangi kambini. Alikaa kwanza Karagwe, akajua Kiswahili cha kutosha kugombana nacho. Alikuja kwangu kutiwa pini ya mkanda, na yeye alikuwa na saa nzito ya wapiga mbizi, imeandikwa mita mia mbili. Nikaona huyu ndiye wa kuniokoa. Nikamweleza kana kwamba ni habari ya mteja tu: saa ya mita hamsini, imekaa mtoni siku mbili kwenye mkono wa maiti ikatoka inatembea, ikaja kufunguliwa kutiwa betri, halafu imekufa juu ya sufuria ya majani. Inawezekana?

Hakucheka. Aliuliza mto ule, mahali pale, una kina gani. Nikasema mita tatu, labda nne masika. Akasema basi mto haukuijaribu saa hata kidogo. Maji baridi, yametulia, kina kidogo, mkono haujisogezi, hakuna aliyegusa kifungo cha pembeni. Kazi kama ile saa ya hamsini inaiweza.

Kisha akachukua chaki yangu akachora juu ya meza. Ile namba, alisema, si ya kina cha kushuka nacho. Kiwandani wanachukua saa mpya, yenye mpira mpya, wanaiweka kwenye chombo, wanaisukuma kwa mgandamizo sawa na uzito wa maji ya mita hizo, maji yaliyosimama, yasiyo ya moto, kwa muda mfupi. Ikipita, wanaandika. Ni sawa na bomba: bomba likiandikwa linavumilia mgandamizo fulani, hakuna aliyesema litavumilia mgandamizo huo likiwa limezeeka, limepasuka, na limejaa maji yanayochemka. Kwa maisha ya mtu, iliyoandikwa thelathini ni ya mvua na kunawa mikono. Hamsini unaogelea kidogo, kwa utulivu. Mia ndiyo ya kuogelea bila wasiwasi, na ya wapiga mbizi ni kama hii yangu. Saa isiyoandikwa mita yoyote, iepushe hata na beseni.

Nikamuuliza, na maji ya moto?

Akasema ya moto hayamo kwenye hiyo namba, hata iwe kubwa kiasi gani. Hata mtu anayeoga bombani maji ya moto na sabuni anaiumiza saa: sabuni huyafanya maji yawe mepesi kupenya na huula mpira polepole. Joto hutanua chuma, kioo na mpira, kila kimoja kwa kiasi chake, nafasi zikajitokeza. Na mvuke si tone, ni hewa yenye maji. Unapita mahali ambapo tone lingekwama. Halafu unaitia saa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunja, inavuta kutoka nje, na ule mvuke ulioingia unageuka maji juu ya mashine. Kwao, alisema, kuna vyumba vya mbao wanavyopasha mawe mpaka yawe mekundu, wanayamwagia maji, watu wazima wanakaa uchi kwenye mvuke mkali, kisha wanatoka mbio kujitupa ziwani. Nikamwambia mbona huko ni kujifukiza kwetu, mmezidisha tu ukubwa wa blanketi. Hapo alicheka. Akasema hakuna anayeingia mle na saa. Kwanza chuma kinaunguza mkono, pili hata hii ya mita mia mbili haikupimwa kwa mambo hayo.

Moyo wangu ulikuwa umeanza kupumua. Ni joto! Hata saa mpya ingeweza kufa. Nilikuwa na shahidi mzungu mwenye chaki. Nikamwambia basi fundi hana kosa.

Akawa anavaa saa yake, akaniuliza bila kunitazama, kama anayeuliza njia, "Uliponiambia ilifunguliwa kwa ajili ya betri, huyo fundi alitia mpira gani?"

Akainua macho akanitazama, halafu akaitazama meza yangu, vidonge vya betri, vibano, donge la nta ndani ya kopo la sigara. Sijui kama alielewa. Alisema tu kwamba saa ikishafunguliwa, ile namba ya mgongoni imefutika, hata kama maandishi yapo, mpaka mpira mpya utiwe na saa ipimwe tena. Akaaga akaenda zake. Nilibaki na mchoro wa chaki juu ya meza na sikuweza kuufuta mpaka mchana.

Kilichonishtua zaidi hakikuwa nta. Ni kwamba kwa wiki zile zote nilijua. Nilijua tangu mfuniko ulipofunguka. Na mama wa watu alikuwa anajinyima chakula ili mimi nisionekane mjinga barazani.

Nilikwenda Kasulu kwa mjomba. Alikuwa na debe la saa mfu, miaka ishirini ya saa mfu, na ndani yake tulipata moja ya aina ile ile, kioo kimesagika lakini mashine nzima. Nikamweleza habari ya nta. Alipiga meza kwa kiganja. Alisema nta alinifundisha kwa ajili ya vumbi, saa za wakulima, za watu wa Titye wanaoshinda shambani. Nani aliniambia ya maji? Nikasema hakuniambia haifai. Akasema hakuniambia pia nisiilambe. Tukagombana kidogo kama ilivyo desturi yetu, kisha akafungua kijikopo cha dawa akanitolea mipira mitatu aliyokuwa anaificha, tukachagua mmoja uliokaa sawa. Nilihamisha mashine kwenye kasha la shemeji, nikabakiza uso wake, mishale yake, kioo chake. Ikatembea.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Busunzu na mke wangu. Nilikuwa nimepiga moyo konde njiani, lakini nilipoona uani baba mkwe amekaa kwenye kigoda na ile alama nyeupe mkononi bado haijashika rangi ya jua, karibu nirudi. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, kama inavyostahili mkwe akija. Nilijua anasikia.

Nilimpa mzee saa. Akaiweka sikioni. Nikamwambia kabla hajafumba macho kwamba anachosikia ni mashine nyingine, kutoka saa nyingine ya Kasulu, na kwamba ile iliyokuwa mtoni ni hii hapa, nikamwekea kiganjani mashine ya zamani niliyoifunga kwenye karatasi. Kisha nikamwambia yaliyobaki. Nilisema mpira ulikatika mkononi mwangu. Nilisema nilitia nta nikanyamaza. Nilisema mita hamsini yalikuwa maneno ya kiwanda kuhusu saa mpya kwenye maji baridi, nami niliyachukua nikayafanya yangu. Nilisema mvuke ungeweza kuiharibu hata ikiwa na mpira mzima, hilo ni kweli na sikutaka kuongopa upande wa pili; lakini haukukuta mpira mzima wa kuuzuia, ulikuta nta, na nta mbele ya moto kila mwenye mizinga anajua inafanya nini. Nilisema nilijua siku ile ile ya soko.

Mzee alikuwa ameishika ile karatasi kana kwamba ni ya moto. Mke wangu alikuwa amegeukia pembeni, na nilijua tukifika nyumbani kuna mengine.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe alitoka, akaja uani, akasimama mbele yangu na kunitazama usoni. Nilitazama chini. Sikujua nifanye nini na macho yangu; haijawahi kutokea, na mpaka leo ni siku ile moja tu. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mabega inaonekana chini ya kitenge.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, mabukwe," nilijibu, kwa neno la kwao la kumwita mama mkwe. "Ni mimi."

Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Badala yake alirudia, polepole, kama anayejaribu kiatu, si mimi, si mimi. Kisha akaniuliza swali, mimi fundi saa, kana kwamba hilo nalo niliwahi kulifungua nikaona ndani.

"Na mtoni? Mimi ndiye niliyemtuma avuke. Nilitaka unga umfikie dada yangu. Alisema maji yamejaa, nikamwambia wenzake wanavuka. Na hapo pia si mimi?"

Hakuna aliyekuwa anajua. Nilimwona mke wangu akishika mdomo. Miaka karibu miwili walidhani kijana alivuka kwa safari zake, na mama huyu alikaa na jambo hilo peke yake, akilisikiliza likipiga kwenye mkono wa mumewe. Nilifungua mdomo wangu, huu mdomo uliokuwa na jibu la kila mteja, haikutoka hata pumzi.

Ndipo baba mkwe aliposimama. Aliweka ile karatasi juu ya kigoda, akamshika mkewe mkono, akamvalisha saa, akahesabu matundu ya mkanda mpaka la mwisho kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha.

"Nilikusikia ukimtuma," alimwambia. "Nilikuwa nyuma ya nyumba nanoa jembe. Nilisikia akisema maji yamejaa, na sikusema kitu."